Kwa nini bado tunasoma asembli: barua kwa mwaka wa kwanza

Wanafunzi wangu wapendwa,

Jumatatu baada ya kipindi, mmoja wenu alinifuata mlangoni akaniuliza: "Mwalimu, C ipo, kompaila ipo. Asembli ya nini tena?" Sikumjibu vizuri kwa sababu darasa lingine lilikuwa linasubiri chumba. Swali lake ni la haki, na jibu langu ni kisa cha dumu la maji.

Miaka kadhaa iliyopita, kijana niliyemsimamia mradi alitengeneza mashine ya kuuzia maji, akaifunga kwenye kioski kimoja kule Uyole. Unabonyeza kitufe, koki ya umeme inafunguka, mita inahesabu, lita 10 zikitimia koki inajifunga. Mita yake ilikuwa ile ya bei nafuu inayotoa mapigo kama 450 kwa lita, kwa hiyo dumu la lita 10 ni mapigo 4,500. Chipu ilikuwa ATmega328P, hiyo hiyo iliyo kwenye Arduino Uno za maabara yetu. Kila pigo linaita interapti, interapti inaongeza moja kwenye kigeu `mapigo` chenye biti 16, na programu kuu inazunguka ikiuliza:

```
if (mapigo >= 4500) funga_koki();
```

Tulijaza madumu kumi maabara, yote yakatoka sawa. Wiki ya tatu mama mwenye kioski akapiga simu: "Mwanangu, mashine yenu inapunja watu." Si kila dumu, ila mojamoja, na upungufu ni theluthi ya lita hivi. Kijana akabadilisha mita, akabadilisha nyaya, akaongeza kapasita. Wapi! Akaisoma C yake hadi akaikariri, na bado hakuona kosa, maana kwenye C ule ni mstari mmoja tu.

Ndipo tukaipitisha programu kwenye `avr-objdump -d` tuone kompaila imeugeuza kuwa nini. Usomaji wa `mapigo` ulikuwa huu:

```
lds r24, 0x0100
lds r25, 0x0101
```

Chipu hii ni ya biti 8. Namba ya biti 16 haiwezi kuichukua kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo inachota baiti ya chini kwanza, kisha ya juu. Sasa tuseme hesabu imefika 4,351, yaani `0x10FF`. Mstari wa kwanza unachukua `FF`. Kabla ya mstari wa pili pigo linaingia, interapti inakimbia, na hesabu inakuwa 4,352, yaani `0x1100`. Programu inarudi ilipoachia na kuchukua `11`. Mkononi ina `0x11FF`, yaani 4,607, namba ambayo mita haijawahi kuifikia. Imepita 4,500, koki inafungwa, na dumu limekosa mapigo 148.

Tulihakikisha kwa kuiamuru mashine itume kwenye kompyuta namba iliyofungia koki, kwa heksadesimali. Madumu mazuri yalionyesha `1194`, ambayo ndiyo 4,500. Lililopungua lilionyesha `11FF`. Mkiona baiti ya chini imekaa `FF` pasipo sababu, shukuni hapo kwanza.

Kwa nini madumu kumi ya maabara hayakulionyesha? Kila `lds` inakula mizunguko miwili ya saa ya chipu, na kitanzi chake kizima kilikula kama 400. Pigo lile moja la hatari lina nafasi 2 kati ya 400 ya kuangukia penyewe, yaani dumu moja katika 200. Kioskini, madumu 200 ni siku chache tu.

Alikuwa ameandika `volatile`, na wengi wenu mtadhani hiyo inatosha. Haitoshi. Inamlazimisha kompaila kusoma kumbukumbu kila mara, lakini haizuii interapti kupenya katikati. Dawa ni `ATOMIC_BLOCK(ATOMIC_RESTORESTATE)` wakati wa kunakili `mapigo`, na kwenye asembli mtaona imefanya nini:

```
in   r18, 0x3f
cli
lds  r24, 0x0100
lds  r25, 0x0101
out  0x3f, r18
```

Inahifadhi hali ya interapti, inazizima, inasoma baiti mbili, inarudisha hali ilivyokuwa. Pigo likija katikati halipotei, linasubiri kidogo tu.

Sitawadanganya kwamba mtaandika programu nzima kwa asembli. Mimi mwenyewe siandiki. Nataka muisome. Na chipu za biti 32 haziwaponyi moja kwa moja: Cortex-M husoma namba ya biti 32 kwa amri moja, lakini `mapigo++` bado ni kusoma, kuongeza na kuandika, na interapti inaweza kupenya kati ya hizo.

Alhamisi njooni na Uno zenu. Nitawapa programu ya yule kijana kama ilivyokuwa kabla ya kurekebishwa, na badala ya mita tutatumia jenereta ya mawimbi, maana hatuna maji ya kujaza madumu 200.