Momenta ya mzunguko ni kiasi gani? Niambie kwanza unapima kutoka wapi

Swali la fizikia likisema "tafuta momenta ya mzunguko ya mfumo huu" na kuishia hapo, mimi nalihesabu kuwa swali lisilokamilika. Si gumu, ila halina jibu moja. Mmoja atapata 4, mwingine 3, wa tatu atapata sifuri, na wote watatu wakawa sawa. Lawama za mkanganyiko huu siwatupii wanafunzi. Nawatupia sisi tunaoandika na kufundisha kana kwamba momenta ya mzunguko ni mali ya kitu, kama ilivyo masi yake, kumbe ni mali ya kitu pamoja na nukta uliyoichagua kupimia.

Sababu iko wazi kwenye fasili yenyewe. Kwa kila chembe ya mfumo unachukua vekta r inayotoka kwenye nukta ya rejea hadi ilipo chembe, unaizidisha kivekta na momenta yake p, kisha unajumlisha chembe zote. Hiyo r haijitegemei. Ni "umbali na upande kutoka mahali fulani", na ukihamisha mahali hapo, kila r inabadilika. Tuseme umeisogeza nukta ya rejea kwa vekta a. Basi kila r inapungua kwa a ile ile, na kila chembe inapoteza a × p kwenye hesabu yake. Kwa kuwa a ni moja kwa chembe zote, unaweza kuitoa nje ya jumla, na kinachobaki ndani ni momenta ya mfumo mzima, P:

```
L' = L − a × P
```

Mstari huo mfupi una jambo ambalo naona hupitwa haraka mno. Angalia ni mangapi hayamo ndani yake. Idadi ya chembe haimo, kani zinazovutana ndani ya mfumo hazimo, wala hakuna anayeuliza kama kitu kinajizungusha au la. Tofauti kati ya jibu lako na langu inategemea vitu viwili tu: tumepishana nukta kwa kiasi gani, na mfumo mzima una momenta kiasi gani. Kwa hiyo P ikiwa sifuri, ubishi unakwisha: kila nukta inatoa jibu lile lile. Na hata P isipokuwa sifuri, ukisogeza nukta sambamba na P hakuna kinachobadilika. Kinachobadilisha ni kusogea kwa kukingama.

Tuweke namba. Ufito wa masi kilo 3 na urefu wa mita 2 umelala umetulia juu ya meza isiyo na msuguano. Ukiitazama meza kutoka juu, ufito umeelekea juu na chini ya picha, na katikati yake pako kwenye kimo 0, hivyo ncha ya juu iko kwenye kimo cha mita 1. Donge la udongo la kilo 1 linakuja kutoka kushoto kwenda kulia kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde, linaugonga ufito kwenye ncha ya juu na kunata hapo. Donge tulichukulie kuwa nukta tu. Swali: baada ya kugongana, ufito unazunguka kwa kasi gani?

Mzunguko wa kufuata mwelekeo wa saa nitauita chanya. Kabla ya kugongana ufito umetulia, kwa hiyo momenta yote ni ya donge: 1 × 4 = 4, kuelekea kulia. Nikiweka nukta ya rejea kwenye kimo h, donge linapita juu ya nukta hiyo kwa umbali wa 1 − h, na momenta ya mzunguko ya mfumo mzima ni

```
L = 4 × (1 − h)
```

Mahali pa katikati ya ufito, h = 0, tunapata 4. Kitovu cha masi cha mfumo mzima kiko kwenye kimo (1 × 1 + 3 × 0) ÷ 4 = 0.25, na tukipimia hapo tunapata 3. Pale donge linapogonga, h = 1, tunapata sifuri. Tukienda juu zaidi, h = 2, tunapata −4, yaani kinyume cha saa. Donge ni lile lile na mwendo ni ule ule, ila hata alama imegeuka.

Hiyo sifuri ndiyo inayowashtua watu. Inakuwaje jumla iwe sifuri, na kila mwenye macho anajua kwamba ufito utazunguka? Hapa inafaa kuigawa momenta ya mzunguko katika mafungu mawili: fungu la mfumo kujizungusha kwenye kitovu chake cha masi, na fungu la kitovu chenyewe kupita kando ya nukta ya rejea. Baada ya kunata, mfumo wa kilo 4 una momenta ile ile ya 4, kwa hiyo kitovu chake kinakwenda kulia kwa mita 1 kwa sekunde, kwenye kimo cha 0.25. Ukipimia kutoka h = 1, kitovu kinapita chini ya nukta kwa umbali wa 0.75, na kinachangia −3. Ili jumla ibaki sifuri, fungu la kujizungusha lazima liwe +3. Mzunguko upo, ila umefidiwa na kupita kwa kitovu.

Ukipimia kutoka h = 0, kitovu kinapita juu ya nukta kwa 0.25 na kuchangia +1, jumla ilikuwa 4, hivyo kujizungusha ni 3 tena. Kutoka h = 2, kitovu kinachangia −7, jumla ni −4, kujizungusha ni 3. Fungu hilo la 3 halijali ulisimama wapi. Limepimwa kwenye kitovu cha masi, na ukikifuata kitovu hicho momenta ya mfumo mzima inaonekana kuwa sifuri, kwa hiyo ile a × P haina cha kubadilisha.

Sasa kasi. Ufito una inesha ya mzunguko ya 3 × 2² ÷ 12 = 1 kwenye katikati yake. Kuihamishia kwenye kitovu cha mfumo kunaongeza 3 × 0.25² = 0.1875, na donge linaongeza 1 × 0.75² = 0.5625. Jumla ni 1.75. Kasi ya mzunguko ni 3 ÷ 1.75, yaani 12/7, kama radiani 1.71 kwa sekunde.

Makosa ya hesabu hii nayajua kwa sura, kwa sababu hujirudia. La kwanza ni kuchukua 4 kutoka h = 0 na kuigawa kwa 1.75 iliyopimwa kwenye kitovu cha masi, ukapata karibu 2.29. Nukta mbili zimechanganywa ndani ya mlinganyo mmoja. Ubaya wa kosa hili ni kwamba nishati haikuumbui. Kabla ya kugongana kulikuwa na jouli 8. Jibu hilo linatoa jouli 6.57 baada yake, ambazo zinaonekana za kawaida kabisa kwa mgongano wa kunata. Jibu sahihi lina jouli 4.57, lakini nani angelijua hilo kabla? Kinacholiumbua kosa ni nukta nyingine. Peleka jibu hilo kwenye h = 1: kujizungusha kunakuwa 4, kitovu kinachangia −3, jumla 1. Ilitakiwa sifuri. Ndiyo maana nashauri kila hesabu ya aina hii irudiwe haraka kwa nukta ya pili, tena ile inayotoa sifuri mwanzoni, kwa kuwa sifuri haina pa kuficha kosa.

Kosa la pili lina heshima kidogo. Mtu anabaki kwenye h = 0 kote: jumla 4, inesha ya ufito na donge kwenye katikati ya ufito ni 1 + 1 = 2, basi kasi ni 2. Nukta ni moja, sasa tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba kuandika L kama inesha mara kasi ya mzunguko kwenye nukta hiyo ni kudai kwamba katikati ya ufito haitembei. Inatembea. Kitovu kinakwenda kwa mita 1 kwa sekunde, na katikati ya ufito iko chini yake kwa 0.25, kwa hiyo mara tu baada ya mgongano inakwenda kulia kwa 1 − 0.25 × 12/7, yaani 4/7 ya mita kwa sekunde. Ishara ya kosa ni momenta ya kawaida: kwa kasi ya 2 na katikati iliyotulia, donge peke yake ndilo lina momenta, nayo ni 2. Nusu ya ile 4 imepotea bila mtu kuisukuma.

Nukta ya h = 0 ninayoizungumzia, kumbuka, ni alama kwenye meza. Si doa lililochorwa kwenye ufito. Doa hilo likianza kutembea, kanuni ya kawaida inayounganisha momenta ya mzunguko na kani za kuzungusha inadai nyongeza, na anayeisahau nyongeza hiyo hupotea. Kitovu cha masi ndicho chenye ruhusa ya kutembea bila kuleta usumbufu huo.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema "tumia kitovu cha masi siku zote, yaishe". Tupigilie msumari katikati ya ufito, ili uweze kuzunguka tu. Sasa ile kasi ya 2 iliyokuwa kosa ndiyo jibu. Msumari unasukuma ufito wakati wa mgongano, lakini unasukuma ukiwa kwenye h = 0, ambako msukumo wake hauna umbali wa kuzungushia. Hapo 4 inabaki 4. Pimia kutoka h = 1 na hesabu inakwenda vingine: kabla ni sifuri, baada ni 1 × 2 = 2 ya ufito unaojizungusha, maana donge liko juu ya nukta yenyewe na halichangii kitu. Momenta ya mzunguko haikuhifadhiwa kwenye nukta hiyo, wala haikutakiwa ihifadhiwe. Mfumo ulikuwa na momenta 4 ukabaki na 2, kwa hiyo msumari uliusukuma kushoto kwa 2, mita 1 chini ya nukta ya rejea, na msukumo huo ukaleta 2 kwa mwelekeo wa saa.