Kukaanga buni kwa pipa au kwa hewa moto: tofauti iko wapi hasa?

Husemwa kwamba mashine ya pipa hutoa kahawa nzito na ya hewa moto hutoa kahawa changamfu yenye uchachu. Kauli hiyo ina ukweli, lakini naona inakipa chuma sifa ambayo kwa sehemu kubwa ni ya hewa na ya muda.

Ndani ya pipa linalozunguka, buni hugusa chuma, hugusana zenyewe kwa zenyewe, na hupitiwa na hewa moto inayovutwa na feni; hata humo, joto jingi huletwa na hewa. Hatari ya chuma huonekana pipa linapokuwa na moto mkali mno wakati wa kumimina buni mbichi: upande bapa wa buni hupata madoa meusi, na kikombe huwa na uchungu wa kuungua. Katika mashine ya hewa buni huelea, kwa hiyo madoa hayo ni nadra, ingawa hewa kali kupita kiasi inaweza kuunguza ncha zake.

Kwenye makapi, hewa ina faida iliyo wazi. Buni inapotanuka, utando wake mwembamba hubanduka na kupeperushwa papo hapo. Kwenye pipa lenye feni dhaifu makapi hubaki, huungua, na moshi wake huacha ladha ya majivu. Sogeza mwali wa kiberiti kwenye tundu la kuchotea sampuli: ukiinama kuelekea ndani, hewa inavutwa, ukisimama wima, moshi unabaki na buni.

Hata hivyo, mashine ya hewa ina kifungo chake, nacho ni kwamba hewa ileile inayopasha joto ndiyo inayoinua buni. Tuseme buni za aina moja zimekaangwa hadi rangi ileile, kwa dakika 12 kwenye pipa na dakika 7 kwenye hewa. Hizi za pili zitakuwa na uchachu zaidi. Ukipunguza joto ili zifike dakika 10, uchachu hulegea na pengo kati ya vikombe viwili hupungua sana. Ugumu ni kwamba buni zinazokauka huwa nyepesi, hivyo feni hulazimika kupunguzwa. Na ukiipunguza bila kupunguza umeme wa kipasha joto, hewa chache iliyobaki huwa na moto zaidi, na joto huruka karibu na mpasuko wa kwanza, yaani buni zinapoanza kupasuka kwa sauti, wakati ambao ungetaka liende taratibu. Vitu hivyo viwili vishushwe pamoja, kidogo kidogo.

Kwa buni zilizokaushwa ndani ya tunda, ambazo hubeba makapi mengi, ningechagua hewa. Kwa mkaango mrefu ningechagua pipa, mradi chombo cha kukusanyia makapi kimwagwe mara kwa mara, kwani yakirundikana hushika moto. Utepe mweupe wa utando unaobaki kwenye mfereji wa katikati ya buni usimtie mtu shaka: huonekana katika mashine zote mbili.