Orodha ya Kazi Zako Ndiyo Itakayoandika Barua

Hapa Tanga, vijana wanaokuja ofisini kwetu kwa mafunzo kwa vitendo, yaani fildi kama wenyewe wanavyoiita, huomba barua ya mapendekezo kwa namna mbili. Wapo wanaopiga simu miezi kadhaa baada ya kuondoka na kusema tu kwamba wanahitaji barua, na wapo wanaoleta barua iliyokwisha kuandikwa, iliyojaa sifa, ili msimamizi aweke sahihi na mhuri. Kwa maoni yangu namna ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu barua za vijana watatu waliopita ofisi moja huishia kufanana neno kwa neno, na anayezipokea hana sababu ya kuamini hata moja. Kinachofaa ni ombi fupi likiambatana na orodha ya kazi ambayo msimamizi anaweza kuikata, kuiongeza na kuigeuza iwe maneno yake.

Nichukue mfano wa binti aliyefanya mafunzo katika kampuni ya uwakala wa forodha karibu na bandari, kitengo cha nyaraka, kinachoshughulikia kadhia, yaani matamko ya mizigo yanayowasilishwa forodha. Rasimu yake ya kwanza ilisema: “Nina umakini mkubwa na ninafanya kazi kwa bidii.” Msimamizi hawezi kuitumia sentensi hiyo, kwa kuwa umakini ni hukumu ambayo yeye ndiye anayepaswa kuitoa. Alipoulizwa umakini huo ulionekana wapi, akaandika hivi:

“Kazi yangu ya kila siku ilikuwa kulinganisha ankara, orodha ya vifurushi na hati ya shehena kabla ya kadhia kuwasilishwa forodha. Katika jalada la shehena ya vigae niligundua kwamba tarakimu mbili za namba ya kontena zilikuwa zimebadilishana nafasi kwenye hati ya shehena, nikakuonyesha, nawe ukamwandikia wakala wa meli arekebishe.”

Anayeijua kazi ya bandari ataona uzito wa jambo hilo mara moja. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na ikitofautiana kati ya nyaraka, kadhia hulazimika kurekebishwa huku kontena likiendelea kukaa na gharama za kuhifadhi zikiongezeka. Zaidi ya hayo, msimamizi alikuwapo, kwa hiyo anaweza kulithibitisha hata akipigiwa simu. Jina la mteja na thamani ya mzigo havikutajwa, na ndivyo inavyopasa, kwa sababu hizo ni siri za ofisi.

Kazi nne au tano za namna hiyo zinatosha, na wepesi wa kuzikumbuka hutoka katika lile daftari la kumbukumbu za kila siku ambalo vyuo hudai lijazwe. Kazi iliyofanywa na wengi iandikwe kwamba ilifanywa na wengi. Binti huyo alikuwa ameandika pia “niliandaa na kuwasilisha kadhia”; msimamizi akaikata, kwa kuwa kadhia huwasilishwa na wakala mwenye leseni, na akaandika “alisaidia kuandaa rasimu za kadhia”. Kisha akaongeza la kwake, kwamba wiki za mwanzo binti alikuwa mzito wa kuuliza maswali na baadaye akabadilika. Sentensi hiyo, ambayo mwombaji asingethubutu kujiandikia, ndiyo iliyoifanya barua isomeke kama ya mtu anayemfahamu.

Ndiyo maana orodha itumwe katika faili linaloweza kuhaririwa, wala si picha ya karatasi. Ombi lenyewe lianzie ana kwa ana, wiki ya mwisho ya mafunzo, halafu lifuate kwa maandishi:

“Shikamoo Mama. Kama tulivyozungumza, ninaomba barua ya mapendekezo kwa ajili ya maombi ya kazi ya ofisa nyaraka. Mwisho wa kupokea maombi ni baada ya wiki tatu, na barua inatakiwa itumwe moja kwa moja kutoka ofisini. Nimeambatisha tarehe za mafunzo yangu na orodha ya kazi nilizofanya chini yako; tafadhali rekebisha au ondoa lolote unaloona halikuwa hivyo. Iwapo nafasi haitaruhusu, nitaelewa.”

Sentensi ya mwisho isiachwe. Msimamizi asiye na la kusema juu yako, akilazimishwa, huandika mistari miwili ya kuthibitisha kwamba ulikuwapo, na barua ya aina hiyo hudhuru kuliko kukosa barua. Ukumbusho mmoja, wiki moja kabla ya siku ya mwisho, hauna ubaya wowote. Ukipewa nakala, linganisha kwanza tarehe zake na zile zilizo kwenye daftari na kwenye wasifu wako, na zikipishana, omba zirekebishwe kabla barua haijatumwa.