Megabaiti nne kamili, au tukate panapojikata?

"Tukikata kila faili vipande vya megabaiti 4, si imetosha? Hayo ya kukata kwa kufuata maudhui naona ni kujitafutia kazi."

Tunajenga huduma ya kuhifadhi na kusawazisha faili: kila faili inakatwa vipande, kila kipande kinapewa heshi, yaani alama fupi inayotokana na baiti zake, na vinapakiwa vile tu ambavyo seva haina. Mwenzangu anayeshughulikia seva aliniuliza hivyo, na hana makosa. Inatosha kwa faili ambazo baiti zake hubadilika pale pale zilipo. Haitoshi kwa faili ambazo baiti zake husukumwa mbele au nyuma, na wateja wetu wa kwanza, wapiga video za harusi na ruracio hapa Nairobi, husukuma baiti kila wiki bila wenyewe kujua.

Chukua kazi ya kawaida. Kijana amemaliza kuhariri harusi ya Limuru, saa mbili za video, na ametoa nakala ya kumwonyesha bwana harusi: MP4 ya gigabaiti 2. Anaipakia. Baada ya siku mbili bwana harusi anapiga simu kwamba video haianzi kucheza kwenye simu mpaka ishuke yote. Mhariri mzoefu anajua shida iko wapi. Ndani ya MP4 kuna boksi liitwalo `mdat`, lenye picha na sauti zenyewe, na jingine liitwalo `moov`, ambalo ndilo faharasa: kila fremu iko baiti ya ngapi, ina ukubwa gani, ichezwe lini. Programu nyingi huandika `moov` mwishoni, kwa sababu faharasa haiwezi kukamilika kabla ya kitabu kwisha. Kwa hiyo mhariri anaihamishia mbele:

```
qt-faststart harusi.mp4 harusi-mtandao.mp4
mv harusi-mtandao.mp4 harusi.mp4
```

Hakuna hata fremu moja iliyobadilika. Ila `moov` ya video ya saa mbili inaweza kufika megabaiti 3 hivi, na sasa imekaa mbele, kwa hiyo kila baiti ya picha imesogea nyuma kwa kiasi hicho.

Kwa mtindo wa vipande sawa, gigabaiti 2 ni vipande 512 kamili. Kipande cha kwanza kilikuwa na baiti fulani, sasa kina nyingine. Cha pili hali kadhalika, na cha tatu, mpaka cha mwisho. Heshi za SHA-256 zote 512 ni mpya, seva haitambui hata moja, na faili nzima inapanda upya. Kwenye laini ya megabiti 5 kwa sekunde za kupakia, hiyo ni kama dakika 57. Stima ikipotea na kijana akahamia bando la simu, anailipia mara ya pili.

Mtindo wa pili hauhesabu megabaiti. Programu inapita juu ya baiti moja baada ya nyingine ikibeba heshi ndogo inayoviringika, na inakata kila heshi hiyo inapoangukia sura fulani iliyokubaliwa:

```python
h = ((h << 1) + GEAR[b]) & 0xFFFFFFFFFFFFFFFF
n += 1
if n >= MAX or (n >= MIN and h & 0xFFFFFC0000000000 == 0):
    kata()
    n = 0
```

`GEAR` ni jedwali la namba 256 za kubahatisha, moja kwa kila thamani ya baiti. `MIN` na `MAX` ni urefu mdogo na mkubwa kabisa wa kipande, na namba ndefu inayoanza na `0xFFFFFC` ndiyo kinyago: huchagua ni biti zipi za `h` lazima ziwe sifuri ndipo tukate. Kwa kuwa `h` ina biti 64 na husukumwa biti moja kila hatua, baiti iliyopita zaidi ya hatua 64 imeshatoka kabisa kwenye hesabu. Siri yote iko hapo: uamuzi wa kukata unategemea baiti 64 za karibu, hautegemei umbali kutoka mwanzo wa faili. Ukichomeka megabaiti 3 mbele, mikato ya mwanzoni inavurugika, halafu programu inafika mahali ilipokata juzi, inaona baiti 64 zile zile, na inakata tena pale pale. Kutoka hapo vipande ni vile vile. Kwa harusi yetu vitabadilika viwili vitatu mbele na kimoja au viwili nyuma, pale `moov` ilipotoka. Tuseme megabaiti 20, nusu dakika na kidogo.

(Kinyago cha biti 22 humaanisha mkato mmoja kwa kila baiti 4,194,304 kwa wastani. Ila ukiweka `MIN` ya megabaiti 1, wastani halisi unapanda hadi karibu 5, kwa sababu ile ya kwanza haihesabiki. Usishangae vipande vikiwa vichache kuliko ulivyotarajia.)

Wazo hili si geni. Mwaka 2001 watafiti wa mfumo wa faili ulioitwa LBFS walilitumia ili faili zipite kwenye laini nyembamba, na vipande vyao vilikuwa vidogo sana, wastani wa kilobaiti 8. Sisi hatuwezi kushuka huko. Gigabaiti 2 kwa kilobaiti 8 ni vipande zaidi ya 260,000 kwa faili moja, na hifadhidata yetu ingekuwa na kazi ya kutunza orodha tu.

Sasa upande wa mwenzangu, ambao una uzito kuliko anavyoueleza yeye mwenyewe.

Kwanza, faida niliyoonyesha ni ya tukio moja. Mhariri akirudi kwenye programu yake, akabadilisha rangi ya video yote na kuitoa upya, kisimbaji kinazalisha baiti mpya toka mwanzo hadi mwisho na mitindo yote miwili inapakia gigabaiti 2. Hata kuhamisha `moov` kwa njia nyingine kunaweza kuharibu mambo: ukitumia `ffmpeg -c copy -movflags +faststart` kwa faili iliyoandikwa na programu nyingine, ffmpeg inaweza kupanga upya mfuatano wa sauti na picha ndani ya `mdat`, na hapo mikato haikutani tena na ya zamani. Picha za JPEG hazihaririwi zikiwa kwenye folda, basi hazijali umekata vipi. Faili za Word na Excel ni ZIP ndani yake, na ni ndogo. Nyingi zinaingia kwenye kipande kimoja.

Pili, vipande sawa vina hesabu nyepesi. Mtazamaji akiruka hadi baiti ya 1,000,000,000, unagawanya kwa 4,194,304 na unajua ni kipande namba 238, ukianza kuhesabu na sifuri. Kwa vipande visivyolingana, metadata ya kila toleo lazima ibebe orodha ya heshi pamoja na urefu wa kila kipande, kisha ujumlishe urefu huo na utafute. Si kazi kubwa kwa vipande 400, lakini ni safu zaidi, na ni mahali pa kukosea kwa baiti moja.

Tatu, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu: jedwali la `GEAR`, kinyago, `MIN` na `MAX` vinageuka kuwa mkataba. Laptopu ya Kilimani ikikata kwa kinyago kimoja na simu ya mwenzake kwa kingine, faili ile ile inazaa vipande tofauti kabisa. Hakuna kinachovunjika, hakuna kosa linaloandikwa popote. Unaona tu diski inajaa na wateja wanalalamika kwamba kila kitu kinapakiwa mara mbili. Dalili yake ni rahisi kuipima: hesabu ni asilimia ngapi ya heshi ambazo seva inajibu "ninacho". Ikishuka ghafla siku ulipotoa toleo jipya la programu, mtu amegusa namba. Kwa sababu hiyo kila orodha ya vipande lazima iandikwe imekatwa kwa kanuni gani, na mteja anayehariri faili ya zamani aendelee na kanuni ile ile.

Kuna hatari nyingine ambayo haitokani na mtindo wenyewe bali na tamaa inayouandama. Ukishaona toleo jipya limebadilisha vipande vinne tu kati ya mia nne, unaanza kujiuliza: wahariri wawili wakigongana, mbona nisichukue vipande vipya vya huyu na vya yule niviunganishe? Fikiria mmoja yuko Rongai bila mtandao, ameongeza jina la wimbo mwishoni mwa video. Mwingine yuko mjini, amehamisha `moov` mbele. Kwa haraka utadhani vipande vyao havigusani. Ukiviunganisha unapata faili ambayo `moov` yake inaelekeza kwenye baiti ambazo hazipo tena hapo, na video inakwama au haifunguki. Kipande ni kitengo cha kusafirisha baiti, hakijui maana ya faili. Mgongano unaamuliwa kwenye toleo zima: mteja anapoleta orodha mpya anataja toleo aliloanzia, seva inaikubali ikiwa tu toleo hilo bado ndilo la mwisho, na aliyechelewa faili yake inahifadhiwa kando kwa jina linaloonyesha ni ya nani na ya lini. Hilo ni sawa kwa mitindo yote miwili, lakini anayekata kwa maudhui ndiye atakayeshawishika kulikiuka.

Kuendelea na upakiaji uliokatika nako hakutofautishi mitindo, ingawa kila mtu hulitaja. Mteja anatuma orodha ya heshi, seva inajibu ipi haina, zinapandishwa hizo, na orodha inasajiliwa mwisho kabisa, vipande vyote vikishafika. Stima ikikatika katikati, unauliza upya. Kinachouma ni kuanza kukata faili ambayo bado inaandikwa. Mwezi wa pili wa majaribio yetu folda ya mteja mmoja ilisawazishwa wakati programu yake ingali inatoa video. Seva ilipokea kila baiti kwa uaminifu, na ffmpeg ikajibu `moov atom not found`. Sasa tunasoma ukubwa na muda wa mabadiliko kabla ya kukata na baada ya kukata. Vikitofautiana, tunatupa orodha na kusubiri.

Basi kwa wapiga video nimeamua tukate kwa maudhui, kwa faili zinazozidi megabaiti 64 peke yake. Sababu yangu ni ile saa moja ya kupakia. Nafasi ya diski tutakayookoa ni ndogo na nisingeanza kazi hii kwa ajili yake. Faili zilizo chini ya hapo zinakatwa megabaiti 4 kamili, kama alivyotaka mwenzangu. Na yule mhasibu wa Ngara anayetaka kuleta nakala za hifadhidata yake kila usiku apewe vipande sawa hata kama faili yake ina gigabaiti 10: kurasa za hifadhidata huandikwa upya pale pale zilipo, hazisogei, na kupitisha heshi juu ya kila baiti kutafuta mkato ni kuchosha prosesa yake ya zamani bure.