Usiombe radhi kabla hujahesabu mzigo

Tuseme karakana ya ushonaji ya Dar es Salaam imekubali kupeleka seti 80 za mashuka hotelini Nungwi, Unguja, siku ya Alhamisi, maana wageni wanaingia Ijumaa jioni. Alhamisi inakwisha, mashuka hayajafika. Wengi hapo huandika haraka: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza, mzigo utafika hivi karibuni."

Kwangu, baruapepe hiyo haina kazi. Anayeisoma ni afisa manunuzi, na usiku huohuo anatakiwa amweleze meneja wake kama wasubiri au wakanunue sokoni Darajani. Mpigie simu kwanza, nenda stoo uhesabu kilicho tayari, ulizia boti ya asubuhi, ndipo uandike. Mimi ningeandika hivi:

"Ndugu Afisa Manunuzi,

Tuliahidi kuleta seti 80 za mashuka leo Alhamisi na hatukuzileta. Kosa ni letu. Tulithibitisha tarehe bila kuhesabu kitambaa kilichopo stoo, kikaisha tukiwa tumeshona seti 50. Tuligundua Jumanne na hatukukwambia.

Seti 50 zinapanda boti ya kesho asubuhi na zitakuwa hotelini kabla ya saa nane mchana. Seti 30 zitafika Jumatatu. Ukipenda kuzinunua kwingine, tutaziondoa kwenye oda na hutalipia chochote. Usafiri wa mizigo yote miwili ni juu yetu.

Kuanzia leo hatuthibitishi tarehe mpaka msimamizi wa stoo asaini kwamba kitambaa cha oda kimetengwa. Siku tatu kabla ya kukabidhi, yeye mwenyewe atakupigia kukutajia idadi iliyokamilika."

Sentensi ya Jumanne ndiyo inayouma kuiandika, na ndiyo wengi huiruka. Lakini hasara ya hoteli imetokana zaidi na ule ukimya: wangejulishwa Jumanne, wangekuwa na Jumatano nzima ya kutafuta mashuka mengine. Kuisingizia boti ni hatari, kwani mtu wa Unguja anajua vizuri boti gani imefika na saa ngapi.

Hatua za marekebisho nazo zishike palepale palipovunjika. Kitambaa kikiwa ndicho kilichoisha, kubadilisha msafirishaji hakurekebishi kitu. "Tutaongeza umakini" hakuna anayeweza kuikagua. Sahihi ya stoo inakaguliwa, na simu ya siku tatu kabla mteja ataisikia au ataikosa.

Kuhusu punguzo la bei, nisingeliweka humo kabla mwenye mamlaka ya fedha hajakubali, kwa sababu ahadi ya pili ikivunjwa wiki hiyohiyo, oda inayofuata haiji. Hata hiyo Jumatatu iandikwe tu kama kitambaa kimeshalipiwa na muuzaji amethibitisha kukileta. Kama bado, andika Jumatano, na umwache mteja aamue akiijua hiyo Jumatano.