Pweza hajaiangusha nadharia ya ubongo

Sisi tuliosoma falsafa hapa Lubumbashi, tukianza kubishana juu ya akili na ubongo, haichukui muda kabla mtu hajamtaja pweza. Akishatajwa, wengi huona kesi imekwisha: akili haiwezi kuwa ubongo tu. Mimi naona ndiyo kwanza inaanza.

Mwaka 1956 mwanafalsafa U. T. Place, na baada yake mwenzake J. J. C. Smart mwaka 1959, walitetea kwamba hali za fahamu ni michakato ya ubongo wenyewe. Si kwamba ubongo unazisababisha tu. Hizo hali ndiyo hiyo michakato, kama radi ilivyo umeme. Mwaka 1967 mwanafalsafa Hilary Putnam akaleta swali gumu. Ikiwa maumivu ni hali fulani ya ubongo, basi kila kiumbe kinachoumia lazima kiwe na hali hiyohiyo. Mtu anayo, sawa. Pweza je? Ubongo wake umejengwa kwa njia nyingine kabisa, na sehemu kubwa ya neva zake imo mikononi, si kichwani. Ikiwa naye anaumia, basi maumivu hayawezi kuwa hali moja ya mwili.

Jibu la Putnam likawa nadharia ya uamilifu: hali ya akili hujulikana kwa kazi inayofanya, si kwa kitu kilichoiunda. Deni la mteja wa duka kule Katuba linaweza kuandikwa daftarini, kuhifadhiwa kwenye simu, au kukaa kichwani mwa mama mwenye duka. Linabaki deni lilelile, kwa sababu linafanya kazi ileile. Maumivu nayo, wanasema, ni chochote kinachotokana na kujeruhiwa na kumfanya kiumbe akwepe, ajilinde, atafute nafuu.

Hoja nzima inasimama juu ya neno "ikiwa". Je, pweza anaumia kweli? Mwaka 1967 hilo lilikuwa dhana tu. Mwaka 2021 mtafiti Robyn Crook alilijaribu. Alidunga asidi ya asetiki kwenye mkono wa pweza, kisha akamweka katika chumba ambacho pweza huyo alikuwa anakipenda. Baadaye pweza alikiepuka. Wale waliodungwa maji ya chumvi tu hawakubadilika. Waliodungwa asidi walishughulikia kidonda kwa mdomo mpaka wakachubua ngozi ya mahali palepale. Halafu, na hapa ndipo ninapotaka tusimame, waliopewa lidokaini baada ya asidi walikipenda chumba walichopatia nafuu. Neva zilizokuwa zinatuma ishara kutoka mkononi zilinyamaza.

Lidokaini ni ileile ganzi ya daktari wa meno. Inafanya kazi kwa kuziba milango ya sodiamu kwenye neva, na ishara haipiti tena. Ukoo wetu na ukoo wa pweza uliachana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, lakini dawa moja inatutuliza sote. Kwa hiyo jaribio linalotupa sababu nzuri ya kuamini kwamba pweza anaumia ndilo linalotuonyesha kwamba mwili wake unafanana na wetu zaidi ya vile hoja ya Putnam inavyoruhusu.

Kosa lilipo, nadhani, wanafalsafa William Bechtel na Jennifer Mundale walilionyesha mwaka 1999. Tunapopima maumivu tunatumia kipimo kipana: ya mtu na ya pweza tunayaita kwa neno moja, ingawa hatujui kama yanafanana kwa undani. Tunapopima ubongo tunageuza kipimo, tunahesabu kila tofauti ndogo. Kwa vipimo viwili namna hiyo, lazima utapata hali moja ya akili katika ubongo wa aina nyingi. Tumia kipimo kipana pande zote mbili, nao ubongo utaanza kufanana. Tumia chembamba pande zote mbili, na maumivu ya pweza huenda yasiwe sawa na yetu.

Mtetezi wa Putnam atanijibu kwamba milango ya sodiamu hupitisha pia ishara za mguso na za misuli. Kwa hiyo kufanana kwake hakuonyeshi maumivu yako wapi. Ni jibu zuri, nalikubali. Lidokaini inakata njia. Haisemi kitu juu ya mahali njia inapofikia. Lakini hilo linamdai yeye pia. Ili pweza awe ushahidi wake, aonyeshe mzunguko wa neva unaofanya kazi ya maumivu ndani ya pweza, aulinganishe na wetu kwa kipimo kimoja, kisha atuonyeshe kwamba hapo hakuna kinachofanana. Kusema tu kwamba ubongo wa pweza una umbo jingine hakutoshi. Hata moyo wake una umbo jingine, nao unasukuma damu kwa misuli inayojikaza kama wetu.

Uamilifu unatufaa sana kutuambia jinsi ya kutambua anayeumia. Crook mwenyewe alimtambua pweza kwa matendo yake. Ila kutambua kitu kwa kazi yake si sawa na kuthibitisha kwamba kitu hicho ni kazi tupu.