Somo Likibuma, Anza na Madaftari ya Watoto

Kila wanachuo wa ualimu wakija shuleni kwetu fildi huwa nasoma madaftari yao ya tafakuri, na niseme ukweli, mengi yanachosha. Somo limebuma, darasa zima halijaelewa kitu, halafu ukifungua daftari unakuta ukurasa mzima wa "niliingia darasani saa mbili na nusu, nikasalimia wanafunzi, nikafuta ubao", na mwishoni mstari mmoja kwamba wanafunzi hawana msingi na muda haukutosha, basi kesho nitarudia somo. Sasa utarudia nini, kilekile?

Chuoni wanafundishwa mzunguko wa Gibbs, ule wa mwaka 1988 wenye hatua sita: maelezo ya tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho, mpango kazi. Mi sina ugomvi na mzunguko wenyewe, ugomvi wangu ni kwamba watu wanajaza hatua sita kama wanajaza fomu ya benki na hatua ya nne, uchambuzi, ambayo ndiyo kazi yenyewe, inaambulia mistari miwili. Na sababu siyo uvivu kama tunavyopenda kusema sisi walimu walezi. Sababu ni kwamba ametoka darasani mikono mitupu, hana cha kuchambua, anachokumbuka ni kelele tu na jinsi alivyotoka jasho.

Nitoe mfano. Kuna binti mmoja wa chuo alifundisha Darasa la Tano kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kipindi cha dakika 40, watoto sitini na kitu. Akaeleza KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, vizuri kabisa, akafanya mifano miwili ubaoni, akauliza "mmeelewa?", darasa likaitikia "ndiyooo mwalimu", akatoa zoezi, na swali la kwanza lilikuwa 1/2 + 1/3. Kusahihisha, majanga. Jioni akaniletea daftari la tafakuri, sababu ni ileile, "wanafunzi hawana msingi".

Nikamwambia, mwalimu, weka hilo daftari pembeni, niletee ya watoto.

Tukatandaza mezani kama ishirini hivi, tusiangalie tiki na mkasi, tuangalie mtoto kaandika nini. Na hapo ndo utamu ulipo kwa sababu makosa hayakuwa ya kila namna, yalikuwa aina mbili tu. Wengi waliandika 2/5, yaani kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Wengine, wachache lakini siyo haba, waliandika 1/6 + 1/6 = 2/6. Angalia hao wa pili vizuri: KDS wameipata, 6, sawa kabisa, wakaiweka chini, ila kiasi, ile namba ya juu, wakakiacha kilekile 1 na 1.

Sasa niambie, "hawana msingi" inaeleza lipi hapo? Wa kundi la kwanza anaona sehemu ni namba mbili zilizopandishana, haoni kwamba ni kiasi kimoja cha kitu. Wa kundi la pili somo la KDS lilimwingia, kilichompita ni kwamba ukikata vipande vidogo zaidi idadi ya vipande lazima iongezeke, kitu kizima kikikatwa vipande sita nusu yake inakuwa vipande vitatu, 3/6, siyo kimoja. Hizo ni shida mbili tofauti na dawa zake tofauti, na ukiwarudishia wote hotuba ya KDS kesho yake hujamsaidia hata mmoja.

Tulipofika hapo ndo nikamwambia arudi aandike upya, na maelezo yake yakawa mafupi sana: nilifundisha nini, mifano ipi, swali lipi, na majibu mawili ya watoto yamenakiliwa kama yalivyo. Basi. Kusalimia na kufuta ubao hakuna anayehitaji.

Hisia nako watu wanakosea, wanaandika "nilijisikia vibaya" halafu wanaruka. Hisia ina maana kama inaonyesha ulibadili uamuzi gani kwa sababu yake. Huyu binti akakumbuka kwamba msimamizi wa chuo alipoanza kuandika pale nyuma yeye akapata woga, akaruka mfano wa tatu aliokuwa ameuandaa, na ule wa tatu ndo ulikuwa na 1/2 na 1/3. Mifano miwili aliyofanya ilikuwa 1/2 + 1/4 na 1/3 + 1/6, ambapo asili moja inaingia ndani ya nyingine, kwa hiyo unabadilisha sehemu moja tu na nyingine inabaki kama ilivyo. Zoezi likadai kubadilisha zote mbili, kitu ambacho watoto hawajawahi kukiona. Umeona, hisia imetupeleka moja kwa moja kwenye sababu.

Tathmini na uchambuzi pia vinachanganywa sana. Tathmini ni kusema kipi kilienda na kipi kiligoma: KDS ilieleweka, kubadili kiasi kuligoma. Uchambuzi ni kwa nini. Na kwenye kwa nini aliandika mambo mawili, kwanza ile mifano, pili ile "ndiyooo" ya darasa zima aliyoichukua kama ushahidi. Bwana wee, watoto wetu wataitikia ndiyo hata ukiwauliza kama wamefika mwezini, ile ni heshima siyo jibu.

Hitimisho likawa sentensi moja, kwamba nilipaswa kuwapa swali moja wafanye peke yao kabla ya zoezi zima. Mpango kazi ndo tukakaa nao. "Nitatumia zana" siyo mpango. Alichoandika ni hiki: kila watoto wawili wapate ukanda wa karatasi wa sentimita 12 na rula (msihangaike kukunja theluthi, mtamaliza kipindi). Nusu yake sentimita 6, theluthi sentimita 4, ziweke pamoja unapata 10. Halafu gawa ukanda vipande sita vya sentimita 2, hesabu, 10 inachukua vipande vitano, kwa hiyo 5/6, na nusu peke yake inachukua vitatu. Hapo kundi la pili limepata lao. Kwa kundi la kwanza, aulize 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu. Mbili ya tano za ukanda huo ni sentimita 4.8, haifiki hata 6. Sasa umeanza na nusu ukaongeza kitu, inakuwaje umepungukiwa?

Na mwisho wa mpango, atajuaje kama imefanya kazi: dakika tano za mwisho kila mtoto ajibu 1/4 + 1/3 kwenye kikaratasi. Jibu ni 7/12. Akiona 2/7 anajua bado yupo wa kundi la kwanza, akiona 2/12 ni wa kundi la pili. Ukichagua swali vizuri jibu lenye kosa linakuambia kosa gani, huhitaji hata kuuliza.

Hii kazi yote ilichukua jioni nzima, na ndo maana sikubaliani kabisa na vyuo vinavyodai hatua sita kwa kila kipindi kila siku. Matokeo yake ni kunakili ya jana na kubadilisha tarehe, nimeyaona sana. Mzunguko kamili mara moja kwa wiki, kwa somo lililogoma zaidi, siku nyingine mistari mitatu na jibu moja la mtoto lililonakiliwa. Halafu hilo la kutoa maksi kwenye daftari la tafakuri nalo liangaliwe, maana mwanachuo akijua kila somo lililobuma linampunguzia maksi, ataandika masomo yaliyofanikiwa tu, na wewe msimamizi utasaini hapo chini "vizuri" bila kujua darasani kulitokea nini.